*Sang* na *Sung* Zinapolia Sawa: Kupanga Vitenzi vya Kiingereza Kaloleni

Jumamosi moja alasiri niliketi na watoto watano wa Gredi ya 5 kwenye baraza ya jirani yangu, Kaloleni. Mbele yetu palikuwa na karatasi moja ya zoezi, iliyotolewa kopi kwenye saiba kando ya Barabara ya Jogoo kwa shilingi 10, wino wake umefifia upande wa kushoto. Juu ilikuwa na visanduku vinne. Chini yake kulikuwa na vitenzi vya Kiingereza vilivyochanganywa ovyo, na agizo kwamba kila kitenzi kiingizwe katika kisanduku cha wenzake. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na mfano wa *sing, sang, sung*. Cha mwisho kilikuwa na *cut, cut, cut*.

Tulianza kwa kusoma mifano kwa sauti, kwa pamoja, kama walivyozoea darasani. *Cut* ilipita kama wimbo wa kuruka kamba. Tulipofika kwa *sing*, binti mmoja wa miaka kumi aliiweka kalamu chini.

"Ticha, hizi mbili za mwisho si ni kitu moja?"

Nikamwonyesha herufi *a* kwenye neno la pili na herufi *u* kwenye la tatu. Akazitazama vizuri, kisha akasema, "Hapo kwa karatasi ni tofauti. Lakini ukisema, ni moja."

Alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetamka "sing, sang, sang".

Tangu siku hiyo nimezichunguza karatasi za aina hii kwa jicho jingine. Wazo lililo nyuma yake ni zuri. Badala ya kumkaririsha mtoto orodha ndefu ya kialfabeti iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoanza na *arise* na kumalizikia *write*, unampa vitenzi kwa koo zao ili kimoja kimkumbushe kingine. Lakini koo hizo zilipangwa na watu wanaosikia tofauti ambazo mtoto wa Nairobi hazisikii. Karatasi inamwambia afuate mlio, na mlio wenyewe haupo masikioni mwake. Hili ndilo swali ninalotaka kulichambua: vitenzi hivi vipangwe kwa kigezo gani, na kigezo hicho kinafaa kwa sikio la nani?

Tuanze na sikio lenyewe. Kiswahili kina irabu tano. Mtoto wa Kaloleni huzungumza Kiswahili na Sheng uwanjani, na nyumbani huenda akasikia Kijaluo au Kiluhya kwa nyanya yake. Lugha hizi zinatofautiana kwa idadi ya irabu, lakini zote zinamzoesha aina moja tu ya *a*. Kiingereza cha Uingereza, katika eneo hilo hilo la kinywa, kina irabu tatu: ile ya *cat*, ile ya *cut* na ile ya *cart*. Katika Kiingereza cha Kenya, cha walimu wetu, mawakili wetu na wasomaji wetu wa habari, zote tatu huangukia kwenye *a* moja. Sioni sababu ya kumwonea mtu haya kwa hilo. Ndivyo Kiingereza kilivyokaa katika vinywa vyetu, na tunaelewana bila shida.

Shida inaanza pale tofauti ya wakati inapotegemea irabu hizo hizo. *Sang* na *sung*, *drank* na *drunk*, *swam* na *swum*, *began* na *begun*, *ran* na *run*: kila jozi inatamkwa neno moja. Kwenye karatasi ukoo wa *sing* una maumbo matatu tofauti. Masikioni mwa mtoto una mawili, na la pili limerudiwa. Kwa hiyo kwake *sing* inafanana na *stick, stuck, stuck*, ambayo imewekwa katika kisanduku kingine kabisa. Ajabu zaidi ni *hang*. Kitabu kinasema *hang, hung, hung*, lakini ukikisoma kwa sauti Kaloleni utasikia "hang, hang, hang", na mtoto mwenye masikio mazuri atakipeleka moja kwa moja kwa *cut*. Kinyume chake ni *read*, ambacho kwa maandishi kinakaa na *cut* kwa sababu maumbo yote matatu yanaandikwa sawa, ila kikitamkwa kinabadilika, "rid" kisha "red". Mtoto anayefuata sikio atakosea kwa kitenzi hiki, na anayefuata jicho atakipata kwa bahati bila kujua kwamba hutamkwa tofauti.

Basi karatasi ikisema "panga kwa mfanano" bila kueleza ni mfanano wa nini, inapima mambo mawili kwa mara moja na mwalimu hawezi kujua lipi limeshindwa.

Vigezo vinavyotumiwa ni vichache. Cha kwanza ni kuhesabu maumbo: matatu yote sawa kama *cut*, mawili ya mwisho sawa kama *buy, bought, bought*, la kwanza na la tatu sawa kama *come, came, come*, yote tofauti kama *sing*. Hiki ndicho cha karatasi nyingi, kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Udhaifu wake ni kwamba kinaweka pamoja vitenzi visivyohusiana. *Buy*, *stick*, *sleep* na *make* vyote vina maumbo mawili ya mwisho yaliyo sawa, lakini kukijua kimoja hakukusaidii hata kidogo kukikisia kingine. Kigezo cha pili ni badiliko la irabu pamoja na konsonanti inayofuata, na hiki ndicho kinachobeba ukoo wa kweli. Kigezo cha tatu ni historia, ambayo mtoto haihitaji ila mwalimu inamsaidia sana, kwa sababu inaeleza kwa nini ukoo una wanachama wasiotarajiwa.

Nitakaa kidogo kwenye historia, maana bila hiyo ukoo wa *sing* unaonekana kama ukaidi mtupu.

Mtoto yeyote makini huuliza: kama *sing* inazaa *sang*, kwa nini *swing* haizai *swang*? Jibu liko katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakati huo kitenzi cha namna hii kilikuwa na maumbo mawili ya wakati uliopita. Mtu mmoja aliyeimba alipewa umbo la *a*, *sang*. Wengi walioimba walipewa umbo la *u*, *sungon*. Umbo la tatu nalo lilikuwa na *u*. Baadaye lugha ikaacha kutofautisha mmoja na wengi katika wakati uliopita, na kila kitenzi kikalazimika kubaki na umbo moja. *Sing*, *drink*, *swim* na *begin* vilibaki na lile la mtu mmoja, lenye *a*. *Swing*, *sting* na *cling* vilibaki na lile la wengi, lenye *u*, na kwa kuwa umbo la tatu pia lilikuwa na *u*, yakawa sawa. Ukoo mmoja uligawanyika mara mbili. Hakuna alama yoyote katika umbo la kwanza inayoonyesha kitenzi kilielekea upande gani.

Kisha wakaja wageni. *Dig* hapo zamani kilikuwa kitenzi cha kawaida chenye *digged*, na tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inasema hivyo kuhusu visima vya Isaka. *Dug* ilikuja kwa kuiga *stuck* na wenzake, na *stick* yenyewe nayo iliwahi kuwa ya kawaida. *Ring* pia iliingia ukoo wa *sing* kwa sababu ya kufanana nao tu. Kwa hiyo hizi si mabaki yaliyoganda. Ni koo zenye mvuto, zinazochukua watoto wa kulea. Ndiyo maana kuzifundisha kama koo kuna maana.

Ukoo wa *cut* una hadithi fupi zaidi na yenye manufaa zaidi. Chunguza wanachama wake: *cut, put, hit, shut, hurt, let, set, cost, cast, burst, split, spread, shed*. Kila kimoja kinaishia kwa *t* au *d*. Si bahati. Alama ya wakati uliopita ya Kiingereza ni *t* au *d* mwishoni, na kitenzi kinachoishia tayari kwa sauti hiyo kilionekana kana kwamba kimeshavaa nguo yake. Alama ikamezwa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Sisi tunasema ndizi moja na ndizi kumi, nyumba moja na mtaa mzima wa nyumba, na hakuna mtoto anayelia kwamba ameonewa kwa kukosa alama ya wingi. Anaangalia neno linalofuata. Kwa *cut* ni vivyo hivyo, wakati unaonekana pembeni. *He cuts* ni leo, *he cut* ni jana, na tofauti yote imekaa kwenye ile *s*.

Watoto wenyewe wanaliona hili mapema. Mwaka 1982 Joan Bybee na Dan Slobin, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba watoto wadogo wanaokua na Kiingereza huwa wazito kuongeza *-ed* kwenye vitenzi vinavyoishia kwa *t* au *d*, hata vile vinavyoihitaji. Masikio yao yanawaambia kazi imeshafanyika. Kwa upande wa *sing* mambo ni kinyume. Mwaka 1958 Jean Berko aliwapa watoto vitenzi vya kubuni, kimojawapo *gling*, akawauliza jana mtu huyo alifanya nini. Watu wazima wengi walijibu *glang* au *glung*. Watoto, karibu wote, walisema *glinged*. Mlio unaomwongoza mtu mzima ulikuwa bado haujamwingia mtoto, na hao walikuwa watoto waliozaliwa na Kiingereza.

Nikiunganisha matokeo haya mawili na ile *a* moja ya Kaloleni, hukumu yangu ni kwamba karatasi nyingi zimeanza mahali pasipofaa. *Sing, sang, sung* huwekwa mwanzo kwa sababu inapendeza mtu mzima kuitamka. Kwa mtoto wetu ni ukoo wa mwisho kufundishwa. Wa kwanza ni *cut*.

Kuna jambo jingine la Nairobi ambalo sijaliona likitajwa kwenye karatasi hizi. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jiji, na Sheng ilikulia kwenye mitaa hii ya Eastlands. Sheng hukopa vitenzi vya Kiingereza kila siku, lakini hukopa umbo la kwanza tu. Kijana atasema "alidraivu" na "waliwini mechi". Hasemi kamwe "alidrovu" wala "waliwoni". Wakati unabebwa na *-li-*, kama katika Kiswahili chote, na shina la Kiingereza linabaki jinsi lilivyo. Kwa hiyo mtoto anapoandika *yesterday our team win*, hajasahau somo. Ameshamwonyesha msomaji kwamba ni jana, kwa neno *yesterday*, na shina amelitumia kama anavyolitumia kila siku na marafiki zake. Karatasi inayompa shina peke yake, bila sentensi, inamwacha hapo hapo alipo.

Sasa niieleze karatasi niliyoiandika upya kwa ajili ya watoto wale watano, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yaliyotokea.

Nilichagua vitenzi 16 tu. Vitano vya ukoo wa *cut*: *cut, put, hit, shut, hurt*. Vinne vya ukoo wa *sing*: *sing, drink, swim, begin*. Vitatu vya tawi la pili: *stick, dig, swing*. Na vinne ambavyo ni wageni kwa makusudi: *wait, need, blink, bring*. Wageni hawa ndio kiungo ambacho karatasi ya saiba ilikosa. Kama kila neno kwenye ukurasa lina kisanduku chake, mtoto anaweza kumaliza kwa kuondoa anayoyajua na kubandika yaliyobaki, na akapata alama zote bila kujifunza lolote. Kila kitenzi kilikaa kwenye kipande chake cha karatasi, umbo la kwanza mbele, mengine mawili nyuma.

Hatua ya kwanza haikuhusu wakati kabisa. Niliwaambia watenge vitenzi vinavyoishia kwa mlio wa *t* au *d*. Sauti hizi mbili wanazisikia vizuri, kwa hiyo hakuna aliyebabaika. Walipata saba. Wakageuza vipande: vitano havikubadilika, na viwili, *wait* na *need*, vilikuwa na *-ed*. Hapo wakawa wamegundua wenyewe kanuni iliyo sahihi, ambayo ni nyembamba kuliko ile inayoandikwa ubaoni. Kitenzi kisichobadilika huishia kwa *t* au *d*, lakini si kila kinachoishia hivyo hakibadiliki. Mmoja wao alipanga vitano upande mmoja na viwili upande wa pili, akasema hawa wawili "wamejifanya ndugu". Maneno hayo yaliendelea kutumika mchana wote.

Hatua ya pili ilihusu tisa vilivyobaki. Waliombwa wakisie ndugu kabla ya kugeuza. Wote watano waliweka *sing, swing* na *bring* pamoja, na *drink* na *blink* pamoja. Ndivyo ningetaka wafanye, kwa sababu mfanano huo ni wa kweli na ndio utakaowakosesha baadaye mtihanini. Wakageuza. *Swing* ikatoa *swung*, *blink* ikatoa *blinked*, na *bring* ikatoa *brought*, ambayo ilizua kelele. Nikawaeleza kwamba *bring* ina jamaa zake kwingine: *buy*, *think*, *fight*, *catch*, *teach*. Tuliiweka kando kwa siku nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoifikiria zaidi, kwa sababu inahusu ile *a* moja. Nilichora safu mbili. Juu ya ya kwanza niliandika "peke yake", juu ya ya pili "na *have*". Watoto wakaandika kwa mkono: *sang* katika ya kwanza, *have sung* katika ya pili, *drank*, *have drunk*, *swung*, *have swung*, *dug*, *have dug*. Walipomaliza vitenzi vyote saba niliwauliza wanaona nini upande wa kulia. Jibu lilikuja haraka: upande wa kulia wote una *u*.

Hapo ndipo mzigo unapopungua. Katika matawi haya mawili umbo linaloandamana na *have*, *has* au *had* lina *u* daima. Hata *run*, ambayo karatasi huiweka kisanduku kingine kwa kuwa umbo lake la tatu limerudi kuwa la kwanza, inatii: *have run*. Hata *hang* inatii: *have hung*. Kinachobaki cha kukaririwa ni upande wa kushoto tu, ni vitenzi vipi vinavyochukua *a* vikiwa peke yake. Kwa wale wa Gredi ya 5 ni vichache: *sing, ring, drink, swim, begin, sink, run*. Mtoto hahitaji kusikia tofauti ya *sang* na *sung*. Anahitaji kutazama kama kuna *have* jirani.

Kanuni hii ina mpaka, na lazima mwalimu aujue. Inahusu vitenzi ambavyo irabu yake hufuatwa na *m*, *n*, *ng*, *nk*, na vichache vya *k* na *g*. *Sit* si mmoja wao, umbo lake la tatu ni *sat*. Ukimwambia mtoto kwamba kila *i* huzaa *u* baada ya *have*, kesho atakuletea *have sut*.

Hatua ya nne ilikuwa imla. Nilisoma sentensi nane kwa sauti yangu ya kawaida ya Nairobi, sikujaribu kuiga mtangazaji wa London. *They sang in the hall. They have sung in the hall.* Nilitaka masikio yasiweze kuwasaidia, ili nione kama jicho lao limeshika *have*. Nilijifunza jambo moja hapo. Niliposoma moja ya sentensi kwa kifupi, *they've drunk it*, watatu waliandika *drank*. Hawakukosea kanuni. Ile *v* ilikuwa imemezwa kinywani mwangu, na alama pekee waliyokuwa wakiitegemea haikuwafikia. Anayesoma imla hii aitamke *have* yote.

Kuhusu kusahihisha, nasisitiza kwamba makosa ya vitenzi hivi hayana uzito mmoja, na alama ya mkasi peke yake huficha habari muhimu. Mtoto anayeandika *bringed* anajua kanuni ya jumla ya Kiingereza lakini kitenzi hiki bado hajakutana nacho vya kutosha. Dawa yake ni kukisoma katika hadithi mara nyingi. Anayeandika *brang* ana hali nyingine. Ameushika ukoo wa *sing* mpaka umemzidi, na dawa yake ni kuonyeshwa mpaka wa ukoo, yaani wale wageni. Anayeandika *he bring* jana hajakosea kitenzi, amehamisha muundo wa Sheng. Na anayeandika *I have sang* anajua karibu kila kitu, ila ameandika alichosikia. Huyu wa mwisho ndiye wetu zaidi kuliko wote, na ndiye anayepoteza alama nyingi bila kuelezwa kwa nini.

Mmoja wa watoto wale alikuwa ameandika *bringed* kabla hatujaanza. Baada ya zoezi, siku ile ile, aliandika *brang*. Nilifurahi, kwa sababu kosa lilikuwa limehama kutoka mahali pa kutojua hadi mahali pa kujua kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata niliwapa vipande vile vile vikiwa vimechanganywa tena, umbo la kwanza tu, bila visanduku wala mifano juu ya ukurasa. Ukoo wa *cut* ulikuwa haujatikisika kwa yeyote. Safu ya *have* ilikuwa salama kwa wanne. Upande wa kushoto ulikuwa na *swang* mbili. Hiyo *swang* nitaivumilia kwa muda, maana Kiingereza chenyewe kilikuwa nayo zamani kabla ya kuitupa.

Karatasi ya kupanga haiwezi kila kitu. Vitenzi vinavyotumiwa kuliko vyote havina ukoo wowote. *Be*, *go*, *have*, *do*, *say* vitabaki wapweke, na kuvilazimisha kisandukuni ni kupoteza muda. *Went* ilikuwa hata ya kitenzi kingine, *wend*, ikachukuliwa na *go*. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika jarida la *Nature*, walifuatilia vitenzi 177 vilivyokuwa na maumbo ya pekee katika Kiingereza cha kale, wakakuta 98 ndivyo vilivyobaki hivyo leo. Vilivyobaki ni vile vinavyosemwa sana, na vilivyonyooshwa ni vile vinavyosemwa mara chache. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo. Amri ya kuja ni njoo, ya kwenda ni nenda, na kula, kunywa na kufa hung'ang'ania *ku-* yao katika "amekula" wakati vitenzi virefu vimeshaiacha. Hakuna mtoto wa Kaloleni aliyefundishwa njoo kwa karatasi. Aliitwa njoo mara elfu. *Went* nayo hujifunzwa hivyo, kwa kusomewa na kusimuliwa, na maktaba ya umma ya mtaa huu ina vitabu vya hadithi vitakavyofanya kazi hiyo kuliko kisanduku chochote.

Upo pia mtihani. Kwa miaka mingi, hadi KCPE ya mwisho mwaka 2023, karatasi ya Kiingereza ilifunguliwa kwa kifungu chenye mapengo 15, kila pengo likiwa na majibu manne ya kuchagua. Kifungu cha namna hiyo kinapokuletea *sing, sang, sung, sings* mbele ya pengo, hakuna anayekusomea kwa sauti. Unachobakiwa nacho ni neno lililotangulia pengo. Mazoezi ya sasa ya gredi za juu za msingi bado yanatumia mapengo ya aina hiyo, na mtoto aliyefundishwa kwa wimbo peke yake hufika hapo akiwa na "sang" moja na majibu mawili yanayolingana nayo.

Kwa walimu na wazazi wanaoandaa karatasi hizi, au wanaozichukua tayari kutoka ng'ambo na kuzitoa kopi, ombi langu ni hili. Kabla hujalipia kopi, isome karatasi nzima kwa sauti yako mwenyewe, ile unayoitumia darasani. Kila mahali maneno mawili yatakapolia sawa na kuandikwa tofauti, weka *have* mbele ya moja.